Mlango Unakula Kina: Kabati la Ukutani la Hajati

Hajati alinipigia simu siku ya Jumatatu asubuhi, sauti yake imechoka. Kabati la chumbani kwake, ambalo halijamaliza hata mwaka, halifungi. "Fundi, mlango unakwama kila siku, na kanzu za Hajji zimechafuka mikono. Njoo uone kwa macho yako."

Nyumba yao iko Namugongo, na karakana yangu iko Bweyogerere, si mbali. Nilipofika, Hajji alinitolea kanzu moja nyeupe akainyoosha juu ya kitanda. Kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya bega, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Nilipoupitishia kidole, kidole kikatoka na unga wa kijivu. Ni rangi ya alumini iliyochanganyika na vumbi. Niliijua mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo alama ambayo mlango wa kuteleza huiacha kwenye nguo ukipita ukizisugua. Kabla sijatoa hata futi kamba, nilishajua kwamba kabati lile halikuwa na kosa la mlango. Lilikuwa na kosa la kina.

Nimefanya useremala tangu nilipokuwa kijana Tororo, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa ni makabati ya kujengea ndani ya ukuta. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayejenga, au ambaye yuko karibu kumwita fundi, kwa sababu kosa la nyumba ya Hajati nimelikuta katika nyumba nyingi, na karibu kila mara hutokea mapema sana, wakati mwashi bado anapanga matofali.

Kwanza nguo yenyewe. Hanga la mtu mzima lina upana wa sentimita 42 hadi 45. Watu wengi hupima hanga, wakaridhika, wakasahau kwamba hanga halitundikwi tupu. Chukua koti la mwanamume, livalishe hanga, kisha pima kutoka ukingo wa mkono mmoja hadi mwingine. Utapata sentimita 50 au zaidi. Koti la Hajji nililipima mbele yake likawa 54. Gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda, nayo ina mabega yaliyochongoka kwenda juu, na ikibanwa pembeni yale mabega hulala na kuvunjika mkunjo, ukapata kazi ya pasi kila unapotaka kuivaa. Kwa hiyo nguo inayotundikwa kwa ubavu, yaani bomba likiwa limelala kutoka kushoto kwenda kulia, inahitaji nafasi ya ndani isiyopungua sentimita 55. Mimi napenda 57 au 58, ili mlango ukifungwa usiguse chochote.

Nasema nafasi ya ndani. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu ramani ikiandika 60, kila mtu husoma namba hiyo kama mali yake. Mwashi huisoma, mpiga plasta huisoma, seremala huisoma, na kila mmoja hukata kipande chake.

Tulitoa nguo zote tukaziweka kitandani, nikaingia ndani ya kabati na futi kamba na timazi. Ramani ya nyumba ile, aliyoihifadhi Hajji vizuri ndani ya bahasha, inasema shubaka la kabati lina kina cha sentimita 60. Nilipopima kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingo wa mbele, chini karibu na sakafu nilipata 58. Juu nilipata 57 na nusu. Usawa wa kiuno, 56 na nusu. Ukuta wa nyuma ulijengwa umejipinda kidogo, na mpiga plasta akaunenepesha katikati ili uonekane umenyooka. Mtu hawezi kuliona hilo kwa macho. Ndiyo maana shubaka hupimwa sehemu tatu kwa kina na sehemu tatu kwa upana, na kipimo kinachofanyiwa kazi ni kile kidogo kuliko vyote. Anayepima mara moja tu, tena usawa wa macho yake, anacheza bahati nasibu na pesa za mwenye nyumba.

Basi tuanze na 56 na nusu. Fundi aliyetangulia aligongomea vipande vya mbao vya sentimita mbili kwenye ukuta wa nyuma, juu yake akapiga plaiwudi ya milimita sita. Hiyo ni sentimita 2.6 imekwenda, imebaki karibu 54. Hata hapo bado palikuwa na nafuu. Kisha akaweka milango ya kuteleza. Milango hiyo haikai juu ya boksi kama kifuniko. Inakaa ndani ya mdomo wa kabati, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja unahitaji njia yake kwenye reli. Reli ya njia mbili niliyoikuta pale ilikuwa na upana wa sentimita 8 na nusu. Ukiitoa, nafasi iliyobaki kwa nguo ni sentimita 45 na ushei.

Koti la sentimita 54 ndani ya nafasi ya 45. Hajati mwenyewe, bila kujua hesabu hizo, alikuwa ameshapata dawa yake: hanga zote alizielekeza upande, zimelala kama samaki kwenye karai. Hilo ni dalili ambayo yeyote anaweza kuiona nyumbani kwake leo. Ukifungua kabati ukakuta hanga zimekaa mshazari badala ya kutazama mbele sawasawa, usitafute sababu nyingine, kina hakitoshi. Dalili ya pili ni mstari ule wa mkononi. Ya tatu ni mlango wa nyuma kutoka kwenye reli yake, maana nguo huusukuma nje kidogo kila unapopita, hadi gurudumu la chini linaruka.

Reli ya chini nayo ilikuwa na shida yake. Barabara ya kwao ni ya muramu, na kiangazi kikishika vumbi jekundu linaingia hata ukifunga madirisha. Nilichokonoa mfereji wa reli kwa bisibisi nikatoa utepe mgumu, mwekundu, umeshikana na nywele na nyuzi za nguo. Gurudumu la plastiki likipita juu ya kitu kama hicho linalika upande mmoja, halafu haliviringiki tena, linakokotwa. Mfereji wa reli ya chini unataka brashi kila wiki. Milango ya kuteleza iliyoning'inizwa juu, ambayo chini ina kiongozi kidogo tu, haisumbuliwi sana na vumbi kama hiyo, lakini inahitaji kizingiti cha juu kilicho imara, na kina inakula vilevile.

Nilimuuliza Hajji kwa nini walichagua milango ya kuteleza. Akaniambia, "Fundi alisema chumba ni kidogo, milango ya kufungua itagonga kitanda." Sikutaka kumsema mtu ambaye hayupo, na maneno yake si ya uongo kwa kila nyumba. Lakini tulipime basi.

Chumba kina upana wa mita tatu. Kitanda chao ni cha futi tano kwa sita, yaani upana wa mita moja na nusu hivi, na kimewekwa katikati, kwa hiyo kila upande kuna sentimita 75. Shubaka la kabati liko kwenye ukuta wa ubavuni, upana wake sentimita 180. Mtu akitaka kufunika upana huo kwa milango miwili, kila mmoja utakuwa na sentimita 90, na ni kweli utagonga kitanda kabla haujafunguka wote. Lakini nani alisema iwe miwili? Ikigawanywa minne, kila mlango unapata sentimita 44 hivi. Mlango wa 44 ukifunguka kwenye nafasi ya 75 unaacha sentimita 31 kati ya ncha yake na kitanda, na unayefungua husimami nyuma ya mlango, unasimama mbele ya mlango wa jirani uliofungwa au mbele ya nafasi iliyofunguka. Nafasi inatosha. Kitanda kikisogezwa sentimita kumi kuelekea ukuta wa pili, inatosha kwa raha.

Huo ndio mkato wangu siku hizi, na nausema kwa kila mteja. Mlango wa bawaba usizidi sentimita 50 kwa upana. Hata chumba kikiwa kikubwa, mlango mpana ni mzito, unaivuta bawaba, na baada ya miezi ncha yake inashuka. Chumba kikiwa chembamba, punguza upana wa mlango, usikimbilie kuuteleza. Milango ya kuteleza naiweka pale ambapo mbele ya kabati hakuna hata sentimita 60 za kusimama, na shubaka lina kina cha kutosha kuilisha, yaani sentimita 66 au 68 zilizopimwa baada ya plasta. Hivyo viwili visipokutana, siiweki. Kuna jambo jingine ambalo watu huligundua wakishalipa: kwenye milango miwili ya kuteleza huwezi kamwe kuona zaidi ya nusu ya kabati kwa wakati mmoja. Mke akitafuta upande wake, mume anasubiri.

Pazia nalo lisidharauliwe. Haligongi kitanda, halili kina zaidi ya sentimita mbili tatu, linapitisha hewa, na likichafuka linafuliwa. Kwa mtu ambaye shubaka lake limeshajengwa kwa kina cha 55 na pesa za milango hazijapatikana, bomba zuri na pazia zito ni kabati kamili, na milango inaweza kufuata mwaka ujao bila kubomoa chochote.

Tukakubaliana na Hajati na Hajji: kila kitu kitoke, tuanze na shubaka tupu.

Kabla ya kununua hata mbao moja nilifanya kipimo cha unyevu, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ule wa nyuma ni bafu. Nilikata kipande cha nailoni ngumu, ukubwa wa karatasi mbili, nikakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne pasiingie hewa, nikamwomba Hajati asikiguse kwa siku mbili. Niliporudi, nikakitazama kabla ya kukibandua. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba. Yakiwa upande wa ukutani, chini ya nailoni, ni ukuta unaotoa maji, na hapo kazi ya kwanza ni ya fundi bomba. Kwa bahati kilikuwa kikavu. Kingekuwa na maji, ningekataa kuendelea hadi bomba litengenezwe, kwa sababu chipubodi ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai, na ikishavimba hairudi.

Hata ukuta ukiwa mkavu, siupigi ubao wa nyuma moja kwa moja juu ya plasta. Naacha pengo la sentimita moja na nusu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua zinapokolea huku kwetu karibu na ziwa, nguo zilizofungiwa bila hewa huanza kunuka, halafu mikanda na viatu vya ngozi huota ukungu mweupe. Pengo lile la nyuma, pamoja na matundu machache kwenye ubao wa chini na mengine juu kabisa, huifanya hewa ipande polepole nyuma ya kabati na kutoka. Ni kazi ya dakika ishirini kwa keekee.

Sasa turudi kwenye kina, tuone kimerudishwaje.

Ubao mzima wa chipubodi yenye melamini au wa MDF huuzwa kwa sentimita 244 kwa 122. Ukiupasua kwa urefu katikati unapata vipande viwili vya karibu 61 kila kimoja, ukitoa kile ambacho msumeno umekula. Nafikiri hii ni sababu mojawapo inayofanya kabati la sentimita 60 liwe rahisi kwa kila mtu: nguo inatosha na ubao hautupwi. Mimi nilipasua viwili vya 58, nikabaki na ukanda wa sentimita tano na ushei, nao haukupotea, ulitumika kuziba pembeni kati ya boksi na ukuta.

Kwa hiyo mbavu za boksi zina sentimita 58. Ongeza plaiwudi ya nyuma ya milimita sita, ongeza pengo la hewa la sentimita moja na nusu, jumla ni 60 na kidogo. Shubaka lina 56 na nusu pale lilipo finyu. Maana yake boksi linatokeza nje ya uso wa ukuta kwa sentimita 3.6, na milango inakaa mbele yake na unene wake wa 1.8. Hajati alipoliona kwenye mchoro alisita. "Litakuwa limetoka nje kama meno?" Nikamwonyesha kwamba ukingo wa boksi utafunikwa kwa ubao mwembamba kuzunguka pande zote, kama fremu ya mlango wa chumba, na jicho litaona fremu tu. Chumba kimepoteza sentimita tano na nusu, nguo zimepata 58 badala ya 45. Sijawahi kuona biashara yenye faida kubwa kuliko hiyo katika kazi yangu.

Angalia pia kilichofanya kazi hapo. Mlango wa bawaba unaofunika uso wa boksi hauli kina cha ndani hata kidogo. Upo aina nyingine, ule unaoingia ndani ya fremu ukalingana na uso wake, na unapendeza sana kwa mbao za mvule au mahogani, lakini huo unakula unene wake wote, sentimita mbili au mbili na nusu. Kama shubaka lako limebana, chagua unaofunika.

Upana wa shubaka ulikuwa 180 kwenye plasta, nikaacha sentimita mbili kila upande kwa sababu kuta hazikuwa sambamba, boksi likawa 176. Gawanya kwa nne, kila mlango una nafasi ya 44, na mlango wenyewe nikaukata 43.7 ili pawe na mwanya wa milimita tatu kati ya jirani na jirani. Vizuizi vya ndani vikawekwa mahali ambapo milango inakutana, si mahali pengine. Hili linaonekana dogo, ila nimeona makabati ambayo kizuizi kimekaa katikati ya mlango, ukifungua unapata vipande vya sehemu mbili, si sehemu moja nzima.

Mlango wa kwanza kushoto ni wa rafu. Miwili ya katikati inafungukia sehemu moja pana ya kutundika nguo fupi, bomba la juu na bomba la chini. Wa mwisho kulia ni wa kanzu na gomesi, bomba moja tu, juu. Boksi kuu lina urefu wa mita mbili, limesimama juu ya kitako cha mbao cha sentimita kumi kilichopakwa rangi ya mafuta, kwa sababu mtu anayepiga deki hawezi kuambiwa alizunguke kabati. Juu yake kuna boksi la pili la sentimita 38, la masanduku ya safari na mablanketi. Shati au blauzi ikiwa kwenye hanga huhitaji karibu mita moja kutoka bomba hadi chini, ndiyo maana mita mbili hutoa mabomba mawili. Kanzu ya Hajji ina urefu wa mita moja na nusu, kwa hiyo chini yake pamebaki nafasi ya viatu.

Bomba lenyewe huwekwa katikati ya kina. Kwa kina cha 58, katikati ni 29 kutoka nyuma. Fundi wa awali alilisogeza mbele ili lisiguse plaiwudi ya nyuma, na hivyo akalipeleka moja kwa moja kwenye mlango.

Kuhusu rafu nina neno refu kidogo, kwa sababu hapo kina hugeuka na kuwa adui.

Kina kinachofaa koti hakifai shati lililokunjwa. Shati likikunjwa vizuri lina urefu wa sentimita 35 hivi. Ukiliweka kwenye rafu ya 58, nyuma yake kunabaki nafasi ya sentimita ishirini na kitu, na nafasi hiyo haikai tupu. Inajaa nguo ambazo hutaziona tena mpaka siku ya kuhama. Tulipolitoa kabati la zamani, nyuma ya rafu ya pili Hajati alikuta mitandio miwili aliyokuwa ameitafuta tangu Idi, ikabidi akae nayo kitandani kidogo akizikunjua. Rafu ya nguo za kukunjwa inatosha sentimita 40. Ya viatu, 30 hadi 35. Basi ndani ya boksi la 58 nilikata rafu za 40, nikazisukuma nyuma kabisa. Mbele zimeacha sentimita 18, na nafasi hiyo nikaipa mlango: upande wake wa ndani nikafunga vitundikio vya mikanda na mitandio, ambavyo mlango ukifungwa huingia pale mbele ya rafu bila kugusana nazo. Chini, kuanzia usawa wa goti, niliweka droo tatu zenye kina kamili, maana droo ukiivuta nyuma yake inakuja mbele yako. Rafu haivutiki.

Rafu za zamani zilikuwa zimepinda. Ilikuwa chipubodi ya milimita 18, urefu sentimita 116 bila kishikizo katikati, na juu yake mashuka na mataulo. Kupinda kwa rafu hakuendi sawa na urefu wake. Rafu iliyojaa vitu kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiipunguza urefu kwa nusu, kupinda kwake kunashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kizuizi kimoja katikati ya ile ya 116 kingeimaliza shida yote, hata bila kununua ubao mnene. Kwa chipubodi ya milimita 18 mimi siendi zaidi ya sentimita 70 kwa rafu ya nguo. Rafu mpya za Hajati zina 41 tu, na hazitapinda kamwe. Kupima kama rafu yako imeanza kupinda, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha kwenye ukingo wake wa mbele, uukaze, utazame katikati.

Milango ya urefu wa mita mbili niliipa bawaba nne kila mmoja. Fundi wengi huweka tatu, na kwa mlango mwepesi zinaweza kuvumilia, lakini Hajati alitaka kioo kirefu kwenye mmoja wao, na kioo ni mzigo. Huo niliupa tano. Tundu la kikombe cha bawaba lina kipenyo cha milimita 35, na kwenye ubao wa milimita 18 linatobolewa kina cha milimita 12 au 13. Likizidi, uso wa mbele wa mlango unafura kijipele mahali pale, na hakuna rangi itakayokificha.

Siku ya kumaliza, Hajji alitundika kanzu zake mwenyewe, moja moja, kisha akafunga mlango polepole huku akichungulia pembeni. Akaufungua tena, akaingiza vidole viwili kati ya mkono wa koti na sehemu ambapo mlango unapita. Viliingia. "Hapa sawa," akasema.

Hajati akaniuliza kuhusu chumba cha watoto, ambacho shubaka lake lina sentimita 42 tu baada ya plasta na halina namna ya kutokeza, kwa kuwa mlango wa chumba unafungukia hapo hapo. Kwa sasa hakuna tatizo, nikamwambia, hanga za watoto zina upana wa sentimita 30 hadi 35, zinaingia kwa ubavu bila kusugua, mradi tufunike kwa pazia na si kwa milango. Wakikua, tutageuza: badala ya bomba la kulala, tutaweka la kuvutika, linalotoka nyuma kuja mbele, nguo zitazame mlangoni kama picha kwenye fremu. Hapo kina hakishikwi na upana wa mabega tena, ila zinaingia nguo chache, saba au nane kwa bomba. Aliniambia mkubwa ana miaka tisa. Nikaandika ukutani kwa penseli, ndani ya shubaka, usawa ambapo bomba lile litafungwa, nikampa na kipande cha ubao kilichobaki akiweke juu ya kabati jipya mpaka siku hiyo.